Majina Aliyoyaandika Fundi

Pale kituoni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Watoto walimwita Shangazi, wazazi wakafuata, na mwisho hata Mkurugenzi akawa anaandika "Shangazi" kwenye ratiba ya zamu. Kilikuwa kituo cha kulelea watoto mchana, vyumba vinne na uwanja wenye bembea mbili, nyuma ya jengo la ofisi za bima. Kazi yake ilikuwa getini. Asubuhi alipokea watoto arobaini na mmoja, akawavua majaketi na kuwatundikia mikoba. Saa kumi alasiri alimkabidhi kila mmoja kwa mwenyewe. Miaka sita hakuwahi kumkabidhi mtoto kwa asiye wake, na wazazi walitaniana kwamba kwa Shangazi hata ukinyoa ndevu na kuvaa miwani ya jua hupiti bila kutajwa.

Laiti wangejua. Shangazi hakuijua sura ya mtu yeyote duniani.

Zamani alizijua kama wewe na mimi. Kisha asubuhi moja, mwaka wake wa kwanza kazini, akiwa anaanika nguo, kiharusi kikamwangusha. Alipofumbua macho wodini alimwona mwanamume amesimama miguuni pa kitanda, anamtazama kwa huruma, na Shangazi akamsalimu kwa heshima kama anavyosalimiwa daktari. Yule mwanamume akakohoa. Kikohozi kile kikavu, cha mtu aliyekaa miaka thelathini katikati ya vumbi la vitambaa, ndicho kilichomwambia kwamba huyo ni mume wake.

Mkono ulirudi, ulimi ukarudi, hata kicheko kikarudi. Sura hazikurudi. Daktari alimweleza kwamba macho yake ni mazima, ila ile sehemu ya ubongo inayotambua nyuso ndiyo iliyoharibika. Alikuwa akiona pua, akiona macho, akiona mdomo, lakini vitu hivyo havikukaa pamoja vikawa mtu. Akitazama pembeni na kurudi, ni mgeni mwingine.

Mume wake alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini safari hii hakutania. Waliporudi nyumbani alimkalisha kitini akamwambia, "Mke wangu, hili ni letu wawili. Ukilisema kazini, watakuondoa. Mtu asiyejua sura atalindaje geti la watoto?"

"Na binti yetu?"

Fundi alifikiri. Binti yao wa pekee alikuwa ameolewa mji mwingine, saa saba kwa basi, na wakati ule alikuwa mjamzito. "Tumwambie akishajifungua," alisema. Akajifungua, mtoto akatambaa, akatembea, na hawakumwambia. Jambo lililocheleweshwa mwaka mmoja likawa gumu kulianza mwaka wa pili.

Ni Fundi aliyegundua ile habari ya simu. Picha zote alizopiga Shangazi zilikuwa zinapanda zenyewe mtandaoni, kwenye akaunti yake, na programu ya picha ilikuwa na kipengele cha kuzikusanya kwa sura. Ukikiwasha, juu ya ukurasa vinajipanga viduara vidogo, kila kiduara uso mmoja. Ukigusa uso, zinakuja picha zote za mtu huyo tangu ya kwanza. Programu haijui ni nani. Inajua tu kwamba huyu na huyu wanafanana. Jina unaandika mwenyewe, na jina hilo linabaki kwako. Hata ukimtumia mtu picha, haliendi nayo.

Fundi alikaa na simu ile siku tatu, miwani puani, kama anayetunga sindano. Kila uso akaupa jina, na hapo ndipo mzaha wake ulipomrudia. Jirani aliyekuwa hakauki mlangoni na kibakuli akamwandika "Jirani Chumvi". Shemeji yake akawa "Shemeji Nimechelewa". Binti yao, "Roho Yangu". Kiduara chake mwenyewe akakiandika "Mimi Hapa". Shangazi akiwa jikoni akisikia mlango, aliuliza "Nani?", na Fundi akajibu kutoka barazani, "Mimi hapa!", wakacheka wote wawili.

Kwa njia hiyo akarudi getini. Msidhani simu ilimnong'oneza mlangoni. Haikuwa na uwezo huo. Picha ya leo ilichukua muda kupanda na kuingia kundini. Alichokifanya ni kusoma. Kila asubuhi, kabla ya kuvaa, alikaa kitandani akapitia majina kama mwanafunzi wa mtihani: huyu ana sikio lililokunjika, huyu mama yake hutembea anaburuta mguu, huyu baba huvaa ovaroli ya bluu na ana jino lililomeguka. Mtoto akisukwa nywele upya au akinyolewa, Shangazi alikuwa amepotea. Lakini picha ya jana ilikuwa imeshaingia chini ya jina lilelile, na asubuhi alikwenda kazini akijua kwamba yule wa mikia sita ya nywele sasa ni wa upara. Watoto wapya aliwapiga picha siku ya kuandikishwa, mzazi akiwa anataja jina, na jioni akaliandika kabla halijachanganyika.

Fundi aliugua mapafu akalazwa wiki saba. Hata kule wodini alijipiga picha, akawapiga na wenzake wa vitanda vya jirani, wamekonda wote, wamenyolewa wote, wanacheka na mipira ya hewa puani. Simu ilikuwa ya mke wake, na alipomrudishia kila jioni alikuwa ameshazipanga. "Huyu ni mimi, usije ukanililia na mwingine," alisema. Alipofariki, Shangazi alikuwa na kiduara kile. Ndugu, marafiki, wafiwa wengine wote waliweza kufumba macho wakamwona marehemu. Yeye akifumba macho hakuona kitu. Ilimbidi aguse "Mimi Hapa" ndipo aambiwe: huyu ndiye. Alimtazama mpaka macho yakamuuma, na akihamisha macho dirishani alikuwa ameshampoteza.

Miaka miwili ilipita hivyo.

Kulikuwa na mtoto mmoja wa miaka minne waliyempachika jina la Chiriku, maana hakufunga mdomo tangu anaingia mpaka anatoka. Mama yake alikuwa mwanamke mwembamba, mhudumu wa duka la dawa, aliyemleta mtoto katikati ya muhula, bila maelezo mengi, na kwenye fomu sehemu ya baba akapiga mstari. Siku moja alasiri, wengine wamekwisha kuchukuliwa, akamwomba Shangazi picha za Chiriku. Alitaka kumtengenezea kitabu kidogo cha siku yake ya kuzaliwa.

"Hilo tu?" Shangazi alisema, akatoa simu. Aliandika "Chiriku" mahali pa kutafutia, zikamwagika. "Sitini na mbili. Nikutumie zote?"

Mama Chiriku aliduwaa. "Sitini na mbili? Umezipataje haraka hivyo?"

Na Shangazi, kwa ile furaha ya mtu anayeonyesha chombo chake kizuri, akamwonyesha. Hiki hapa kiduara cha Chiriku, na hiki hapa chako mwenyewe, mama Chiriku, umetokea mara nane. Alikuwa hawezi kusoma uso ule, lakini sauti aliisoma, na sauti ilikuwa imekauka.

"Shangazi, tafadhali, nani mwingine anaiona hii?"

"Hakuna. Ni simu yangu."

"Ni akaunti yako. Akaunti siyo simu." Mama Chiriku alimvuta mtoto karibu. "Twende kwa Mkurugenzi. Sikugombezi. Lakini twende."

Ofisi ya Mkurugenzi ilikuwa chumba chembamba chenye kabati la mafaili na viti viwili vya watu wazima. Mama Chiriku alibaki amesimama. Alizungumza polepole, kwa sauti ya chini, kwa kuwa mtoto alikuwa sakafuni anapanga vibao.

"Nilikuwa na akaunti kama ile. Mume wangu alijua nenosiri, mimi sikujua kwamba analijua. Nilipokimbia na mtoto nikajificha kwa rafiki, nikaendelea kupiga picha, nazo zikaendelea kupanda. Yeye alikaa kwake, akafungua kompyuta, akagusa uso wa huyu mtoto. Zikaja zote kwa mpangilio wa tarehe, na mahali zilipopigwa. Hakuhangaika kutafuta. Siku ya kumi na moja alikuwa mlangoni." Alikunja mkono wa blauzi, kovu likaonekana, kisha akaona haya, akaushusha tena. "Sasa hapa kuna akaunti nyingine imempanga mwanangu, na mimi nimo. Shangazi simwogopi. Namwogopa atakayeiba simu ya Shangazi."

Mkurugenzi alimgeukia. "Ulimwomba mzazi yeyote ruhusa?"

"Ya kupiga picha, ndiyo. Ipo kwenye fomu."

"Ya kuwapanga kwa sura na kuwaandika majina?"

Shangazi hakuwahi kuliwaza jambo hilo kwa namna hiyo.

"Hawezi kuondolewa Chiriku peke yake?" Mkurugenzi aliuliza.

"Naweza kumficha asionekane pale juu, na jina nikalifuta," Shangazi alisema. Alikuwa anaijua programu ile kuliko wote waliokuwamo. "Lakini huko ndani anaendelea kupangwa, amefichwa tu. Au nifute picha zake zote, na kwenye pipa la taka nifute pia. Hapo kundi linakufa."

"Na kesho ukipiga nyingine?" mama Chiriku aliuliza.

"Litaanza upya."

Mkurugenzi alivuta pumzi. "Basi hakuna njia ya kati. Tangu leo, simu yoyote iliyompiga picha mtoto wa hapa, kipengele hicho kizimwe. Tuanze na yako, mbele ya mama, aondoke na amani."

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi ya kusema. Maneno yalimfika kooni: mimi sijui sura, naomba siku mbili tu, naomba kwanza nitoe za mume wangu. Lakini akaona yatakayofuata. Miaka sita alikuwa amesimama getini akiwatoa watoto wa watu, na hakuna mzazi ambaye angesikia neno hilo asishike kichwa. Akapiga moyo konde akafungua mipangilio. Alikawia juu ya kitufe, na Mkurugenzi, akidhani ni aibu, akamsaidia kusoma.

"Inasema ukizima, makundi ya sura na majina uliyoyaweka yatafutwa. Picha zenyewe zinabaki. Unaona? Hupotezi kitu."

"Sipotezi kitu," Shangazi alisema, akabonyeza.

Viduara vyote vikatoweka juu ya ukurasa. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya.

Alipofika nyumbani hakuvua viatu. Alikaa kwenye kochi akafungua picha. Zilikuwapo zote, maelfu, zimepangwa kwa tarehe, zimejaa watu. Akaandika "Mimi Hapa". Hakuna kilichopatikana. Akakumbuka kwamba programu inajua pia vitu, siyo nyuso tu, na hilo halikuzimwa, akaandika "cherehani". Zikaja themanini na kitu. Mwanamume ameinama kwenye cherehani. Mwanamume amebeba cherehani. Mwanamume anacheka, futi ya kupimia shingoni. Lakini duka lile lilikuwa na mafundi watatu, na Fundi alikuwa na tabia ya kuwapiga picha wenzake wakiwa wanafanya kazi. Alitafuta mikono, akatafuta shati la mistari. Mashati ya mistari walishona wote watatu kutoka kitambaa kimoja. Alikaa pale mpaka chumba kikawa giza, akimtazama mwanamume mmoja anayecheka, bila kujua kama analia kwa ajili ya mume wake au kwa ajili ya mtu aliyekuwa akimsaidia kutoboa matundu ya vifungo.

Kazini alijaribu kwa karibu wiki mbili. Yale aliyokwisha kukariri yalimsaidia siku za kwanza. Alikwenda mapema, akasikiliza sauti, akasoma viatu. Kila mzazi akikaribia geti alisubiri mtoto akimbie kwanza, na akikimbia ndipo alitabasamu na kusema, "Karibu, baba fulani." Alikonda. Chakula hakikupita. Mwenzake wa darasa la watoto wachanga alimuuliza kama sukari imepanda, akajibu ndiyo, ni sukari.

Siku ya kumi na mbili, saa kumi kasoro, alikuja mwanamume mwenye ovaroli ya bluu. Alikuwa anatabasamu. Jua lilikuwa nyuma yake. Alisema "Habari, mama," na Shangazi akaijibu ile ovaroli. Alimfungulia geti, akamshika mkono mvulana mmoja kutoka kwenye foleni ya mikoba akamwambia, "Haya, baba amekuja."

Mvulana alimtazama yule mtu kutoka viatuni mpaka juu.

"Huyu siyo baba," alisema.

Mwanamume alicheka kwa aibu. "Mama, mimi nimeleta mitungi ya gesi. Jikoni ni wapi?"

Labda lingepita kama kichekesho. Lakini Mkurugenzi alikuwa dirishani, na mama Chiriku alikuwa ameshafika getini, ameushika mkoba wa mwanawe kifuani kwa mikono miwili.

Ofisini, safari hii, Shangazi alisema yote. Alisema kiharusi, akasema kikohozi, akasema kila asubuhi kitandani na majina. Hakulia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma orodha ya vitu vilivyoibwa. Alipomaliza, Mkurugenzi alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja.

"Kwa nini hukusema siku ile?" mama Chiriku aliuliza. "Ningesubiri. Tungetafuta namna."

"Ningekwambia sijui sura ya mtu, ungeniachia mwanao jioni ile?"

Mama Chiriku alifungua mdomo. Angeweza kudanganya, na Shangazi angemshukuru kwa uongo huo. "Hapana," alisema.

"Basi."

Hapakuwa na mkosaji wa kupigiwa kelele. Yule mama alikuwa na haki yake, na haki hiyo ilikuwa na kovu mkononi. Mkurugenzi alikuwa na watoto arobaini na mmoja. Alimwondoa Shangazi getini siku hiyo hiyo, akampa kazi ya kufulia, mashuka ya watoto na aproni, kwenye chumba cha uani chenye mashine mbili. Alisema ni kwa muda, na wote wawili walijua kwamba siyo kwa muda.

Jumamosi iliyofuata binti yake alikuja. Shangazi mwenyewe alimwita, alimwambia tu kwenye simu, "Njoo, nina neno." Alimpokea stendi, na alimjua kwa kuwa binti alimwita "Mama!" kutoka mbali. Walipofika nyumbani akamweleza.

Binti alisikiliza akiwa ameshika kikombe cha chai, hakukinywa. "Miaka mitano," alisema mwishowe. "Na baba alijua."

"Ndiye aliyenisaidia."

"Nikipita sokoni leo, nikanyamaza, ungenipita?"

Shangazi alikwisha kuchoka kudanganya. "Ningekupita, mwanangu."

"Siku ya mazishi. Uliponikumbatia. Ulijua ni mimi?"

"Nilijua ulipoanza kulia. Kilio chako nakijua."

Binti aliweka kikombe chini, akaenda msalani, akakaa huko muda mrefu, maji yakiwa yanamwagika. Alipotoka uso ulikuwa umelowa na sauti ilikuwa ya kazi. "Haya. Lete hiyo simu."

Lakini Shangazi hakukubali kuiwasha hivi hivi. Alikuwa ametoa ahadi ofisini, na ile habari ya siku ya kumi na moja ilikuwa haijamtoka masikioni. Wakafuta kwanza picha za watoto wa kituo. Wakatafuta "bembea", wakatafuta "mikoba", kisha wakapita tarehe kwa tarehe, siku za kazi zote, miaka sita. Chiriku akiwa anakula chungwa, Chiriku akiwa analala na kiatu kimoja. Kila mara Shangazi aliuliza, "Huyu nani?" na binti akajibu, "Mimi nitamjulia wapi, mama? Futa." Wakaenda kwenye pipa la taka wakalimwaga nalo. Wakabadilisha nenosiri, wakaizuia kamera isiandike mahali. Ilikuwa usiku walipowasha tena makundi ya sura, na simu ikasema kwamba itachukua muda.

Viduara vilianza kutokea Jumapili asubuhi, kimoja kimoja, vingi, na chini ya kila kimoja hapakuwa na kitu. Binti aliketi ubavuni mwa mama yake. Aliandika "Jirani", aliandika "Mjomba", aliandika jina la ukoo wa mtu. Aliandika kwa usahihi kabisa, na hapakuwa na neno la kumchekesha mtu. Shangazi alitamani kumwambia kwamba jirani alikuwa Jirani Chumvi, lakini akaona haya, maana yule aliyekuwa anaandika alikuwa anajitahidi kwa machozi.

Baba alitokea mara tatu. Fundi wa ndevu, Fundi asiye na ndevu, Fundi wa miwani. Binti aliwajua mara moja, akawaunganisha kuwa mmoja, akampa mama yake simu. Shangazi alimtazama mume wake. Aliambiwa huyu ndiye, akaamini. Alitegemea kitu fulani kitafunguka kifuani. Kikafunguka kidogo, kama dirisha lililovimba kwa mvua, kisha kikakwama.

Ndipo wakazifikia za wodini.

Simu ilikuwa imeweka pembeni uso mmoja, picha kumi na moja, mwanamume amekonda mifupa nje, hana nywele, mpira wa hewa puani, shuka jeupe mpaka kidevuni. Juu yake ikauliza kama huyu na yule Fundi wa miwani ni mtu mmoja.

Binti alisogeza picha karibu na macho. Akaikuza. Wiki zile saba hakuja. Mtoto wake alikuwa na surua, na baba yake alimwambia kwenye simu kila siku kwamba anaendelea vizuri. Alifika siku ya mazishi, jeneza likiwa limekwisha kufungwa.

"Mama," alisema, "alikuwa hivi?"

"Sijui, mwanangu."

"Ulikaa naye kila siku."

"Nilikaa na kikohozi chake. Kitanda cha pili alikuwapo mzee mmoja, mwembamba vilevile. Cha tatu mwingine. Baba yako aliwapiga wote picha."

Binti alirudia kutazama. Alifunika nusu ya uso ule kwa kidole gumba, akafunika nusu nyingine. Alitafuta sikio, sikio lilikuwa kwenye mto. Alisema, "Macho ni yake." Baada ya kitambo akasema, "Hapana." Kisha akasema, "Sijui, mama, sijui, baba yangu simjui," akaanza kulia kile kilio ambacho mama yake alikijua.

Shangazi alichukua simu mkononi mwake. Chini ya zile nyuso mbili palikuwa na majibu matatu: mtu yuleyule, mtu tofauti, sina hakika. Alibonyeza la mwisho. Simu ilikubali bila ubishi, ikaleta nyuso mbili nyingine.

Basi la binti liliondoka saa nane. Jumatatu Shangazi alikuwa uani mapema, akitia mashuka mashineni. Ukutani upande wa pili watoto walikuwa wanapiga kelele, na katika kelele zile alisikia sauti moja isiyofunga mdomo, ikimuuliza mtu Shangazi yuko wapi. Hakuna aliyeijibu. Alifunga mlango wa mashine, akabonyeza, maji yakaanza kuingia.